Antibiotiki na mafua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kwenye kaunta ya famasi

Nafanya kazi kwenye famasi upande wa Temeke. Dar es Salaam kila anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa huitwa dokta, hata awe mfamasia kama mimi, kwa hiyo maswali ya kila namna hutufikia. Yaliyo hapa chini ni yale yanayorudi kila watu wanapoanza kupiga chafya kwenye daladala. Nimeyajibu kwa kirefu pale ambapo jibu fupi huwa linawaacha watu na wasiwasi.

Antibiotiki ni nini hasa?

Ni dawa inayoua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Kwenye vitabu vya afya utakuta zikiitwa viuavijasumu. Dukani unazijua kwa majina yake: amoksilini, ampiklosi, azithromaisini ambayo wengi wanaiita azuma, doksi, sipro, septrini, flajili. Parasetamoli si antibiotiki. Dawa ya mseto ya malaria si antibiotiki. Dawa ya kifua ya maji si antibiotiki. Nayataja haya kwa sababu mtu huniambia "nimeshakunywa antibiotiki", nikimwomba anioneshe pakiti, anatoa dawa ya maumivu.

Neno la kushika hapo juu ni bakteria. Bakteria ni kiumbe kamili wa chembe moja. Anakula, anatengeneza protini zake, anakua, anajigawa kuwa wawili. Ili aishi, ana viungo ambavyo chembe za mwili wa binadamu hazina, au zinavyo kwa umbo tofauti, na antibiotiki hulenga tofauti hizo.

Chukua amoksilini. Bakteria wengi wamezungukwa na ukuta mgumu unaowazuia wasipasuke, maana ndani yao kuna msukumo mkubwa wa maji. Ukuta huo unajengwa na kukarabatiwa muda wote bakteria anapokua. Amoksilini huvishika vimeng'enya vinavyounganisha vipande vya ukuta, ujenzi unakwama, ukuta unadhoofika, na bakteria anapasuka. Chembe zako hazina ukuta wa aina hiyo, ndiyo maana dawa hiyo inaweza kupita mwilini mwako mzima bila kukuvunja wewe.

Azithromaisini na doksi zinakwenda kwingine. Zinabana ribosomu za bakteria, yaani vile vimashine vidogo vinavyotengeneza protini. Sisi nasi tuna ribosomu, ila za kwetu zina umbo tofauti, na dawa haizishiki vizuri. Sipro inavuruga vimeng'enya vinavyokunjua vinasaba vya bakteria, na septrini inakata njia anayotumia kujitengenezea foleti. Njia ni tofauti, lakini kila moja ina shabaha iliyo ndani ya mwili wa bakteria.

Kwa nini basi haifanyi kazi kwa kirusi cha mafua?

Kwa sababu shabaha hizo zote hazimo ndani ya kirusi.

Kirusi cha mafua ya influenza kina upana wa karibu sehemu moja ya kumi elfu ya milimita, yaani kidogo mara kumi hivi kuliko bakteria wa kawaida. Ndani kina vipande 8 vya maagizo ya kinasaba, vimezungukwa na utando mwembamba wa mafuta ambao kirusi kimeunyakua kwenye chembe ya mtu kilipokuwa kinatoka. Juu ya utando kuna protini za kujishikizia na za kujinasua. Hakina ukuta, hakina ribosomu, hakili, hakijigawi chenyewe.

Fikiria mtu aliyebeba mchoro wa shati lakini hana cherehani. Anaingia kwenye kibanda cha fundi wa Kariakoo, anauweka mchoro wake mezani, na fundi anaanza kushona mashati ya mgeni akiacha kazi zake. Kirusi kinafanya hivyo kwenye chembe za pua, koo na mapafu. Kinaingia, kinatoa maagizo yake, na chembe yako inaanza kutengeneza virusi kwa ribosomu zako wewe.

Amoksilini ikifika hapo inatafuta ukuta wa bakteria, haiuoni. Azuma inatafuta ribosomu za bakteria, inakuta za kwako ambazo haikutengenezwa kuzishika. Kuongeza dozi hakubadilishi kitu, wala kubadilisha kutoka antibiotiki "ndogo" kwenda "kali". Kali maana yake inawapata bakteria wa aina nyingi zaidi, au bakteria ambao dawa nyingine zimeshindwa kuwaua. Kwa kirusi, zote ni sifuri.

Mimi nikiwa na mafua nakunywa amoksilini na ninapona. Unasemaje?

Nasema ni kweli umepona, na ni kweli ulikunywa. Swali ni kama kimoja kilisababisha kingine.

Angalia siku zinavyokwenda. Mafua makali huanza ghafla: homa, mwili kuuma, kichwa, koo, uchovu wa kukulaza. Siku ya kwanza na ya pili mtu wa Dar hujikaza, anakunywa panadoli na chai ya tangawizi, anakwenda kazini. Siku ya tatu anaona amezidiwa na ndipo anapokuja dukani. Lakini kwa watu wengi wenye afya njema homa ya mafua hukaa siku 3 hadi 5 kisha inashuka yenyewe, kwa sababu kinga ya mwili imeshajipanga. Kwa hiyo mtu huanza kidonge siku ileile ambayo ugonjwa uko kileleni na karibu unageuka kushuka. Kesho yake au keshokutwa anapata nafuu, na sifa zote anapewa kidonge.

Angekunywa maji ya dafu siku ile ya tatu, angepata nafuu siku ileile, na dafu ndilo lingesifiwa.

Kuna jambo lingine linalochanganya. Homa ikiisha, kikohozi hubaki. Kinaweza kukaa wiki mbili, hata tatu, kwa sababu ngozi laini ya ndani ya njia ya hewa imechubuka na inahitaji muda kujijenga upya. Mtu anaona "mafua hayajaisha" na anarudi kununua dozi ya pili ya dawa nyingine. Kikohozi kinachopungua taratibu bila homa na bila kubanwa pumzi, kwa mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa na mafua, kwa kawaida ni mabaki ya ugonjwa uliokwisha. Kikivuka wiki mbili bila dalili ya kupungua, nenda kapimwe, na kifua kikuu kiwe miongoni mwa yatakayoangaliwa. Kifua kikuu kinatokana na bakteria na kina dawa zake maalumu.

Kohozi limegeuka njano au kijani. Si ndiyo dalili ya bakteria?

Hapana, na hili linauza antibiotiki kuliko tangazo lolote.

Rangi ile inatoka kwako mwenyewe. Chembe nyeupe za damu zinapokimbilia kwenye pua na kifua kupigana, zinabeba kimeng'enya chenye madini ya chuma ambacho rangi yake ni ya kijani. Zinapokufa kwa wingi na kubaki ndani ya makamasi, makamasi yanapata rangi hiyo. Zinakwenda kupigana na kirusi na zinakwenda kupigana na bakteria, kwa hiyo rangi inakuambia kuna mapambano, haikuambii adui ni nani. Mafua ya kawaida kabisa huanza na makamasi mepesi kama maji, yakawa mazito na ya njano siku ya tatu au ya nne, kisha yakakauka.

Kohozi lenye damu ni habari nyingine. Hilo lipeleke hospitali.

Mtoto ana homa, kipimo cha malaria ni hasi. Si lazima basi apewe antibiotiki?

Swali hili ndilo ninalopenda kulijibu kwa takwimu, kwa sababu limepimwa hapahapa kwetu.

Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa, wa chini ya miaka 10, waliofika kwenye kliniki za wagonjwa wa nje Dar es Salaam na Ifakara. Kila mtoto alipimwa kwa undani kuliko inavyowezekana kwenye zahanati ya kawaida, na matokeo yakachapishwa 2014. Karibu 62 kati ya kila 100 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Kati ya hao wa njia ya hewa, ni 5 tu katika 100 ambao picha ya eksirei ilionesha nimonia. Malaria ilikuwa kwa watoto 10 au 11 katika 100. Walipojumlisha visababishi vyote, virusi vilikutwa kwa karibu watoto 71 katika 100, bakteria kwa 22, na wengine walikuwa na zaidi ya kimoja.

Maana yake kwa mzazi wa Mbagala au Tabata ni kwamba malaria ikishaondolewa kwenye orodha, anayefuata kwa uwezekano mkubwa ni kirusi. Sisi wahudumu tumezoea kufanya kinyume. Malaria hasi? Andika antibiotiki. Kati ya 2014 na 2016 ulifanyika utafiti mwingine Dar es Salaam kwa watoto zaidi ya 3,000 wa chini ya miaka mitano wenye homa. Katika huduma za kawaida, karibu watoto 95 kati ya 100 waliandikiwa antibiotiki. Pale ambapo wahudumu walifuata mwongozo wa hatua kwa hatua uliowekwa kwenye kishikwambi, pamoja na vipimo vichache vya tone la damu ya kidole na kipimo cha oksijeni, walioandikiwa walishuka hadi karibu 11 katika 100. Na watoto hao hawakuumwa zaidi. Walioshindwa kupata nafuu walikuwa wachache kuliko kundi la tatu la utafiti huo, lililofuata mwongozo wa zamani, ambalo nalo liliandikiwa antibiotiki mara karibu tatu zaidi.

Lakini kumbuka wale 22. Bakteria wapo, na baadhi ya watoto wanahitaji antibiotiki leo, si kesho. Swali la maana ni namna ya kuwatambua.

Nitajuaje kama ni mafua tu au yamegeuka nimonia?

Kwa mtoto mdogo, hesabu pumzi. Ni kipimo kizuri kuliko kugusa paji la uso, na hakihitaji chochote zaidi ya saa ya simu.

Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi, ikiwezekana amelala. Pandisha nguo uone tumbo na kifua. Kila kifua kinapopanda, hesabu moja, kwa dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwa sababu watoto wanapumua kwa mwendo usiolingana na utakosea. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika pumzi 60 au zaidi kwa dakika, ni haraka mno. Miezi 2 hadi kabla ya mwaka, ni 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Homa kali yenyewe huongeza kasi ya pumzi, kwa hiyo kama mtoto anachemka, mpe parasetamoli, homa ishuke, uhesabu tena. Usingoje hivyo kama ana dalili za hatari nitakazozitaja hapa chini.

Tuchukue mfano, nimeutunga ila unafanana na tunaowaona kila siku. Mtoto wa miaka mitatu, kilo 14, anaishi Tandika. Jumatatu anaanza makamasi, kikohozi, homa ya 38.6. Mama anampeleka zahanati, kipimo cha haraka cha malaria kinatoka hasi. Anahesabiwa pumzi: 32 kwa dakika. Kifua hakibonyei chini ya mbavu anapovuta hewa. Homa ikishuka anacheza, anakunywa uji. Huyu hahitaji antibiotiki. Anapewa parasetamoli ya maji, ile yenye miligramu 120 kwa mililita 5. Kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa hiyo mililita 7.5, ambayo ni miligramu 180, inamtosha kwa wakati mmoja. Anaweza kurudia baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Mama anaambiwa amrudishe akibadilika.

Alhamisi homa imekwisha. Kikohozi kipo, lakini ameanza kukimbizana na wenzake uani. Kwa watoto wengi hadithi inaishia hapo.

Sasa tuseme kwa huyu haikuishia hapo. Jumapili homa inarudi, 39.2, baada ya siku mbili za nafuu. Hataki kula. Mama anampa parasetamoli, homa inashuka, anahesabu pumzi: 54. Hii sura ya kupona kisha kuumwa upya, tena zaidi, ndiyo inayotutia wasiwasi. Kirusi kimechubua njia ya hewa, na bakteria aliyekuwa akikaa puani kwa utulivu amepata mlango wa kushuka mapafuni. Mara nyingi ni yule anayeitwa nyumokokasi. Mtoto anarudishwa zahanati siku hiyohiyo. Kama hana dalili za hatari, ataandikiwa amoksilini ya vidonge vya miligramu 250 vinavyoyeyuka kwenye maji. Kwa uzito wake ni vidonge 3 asubuhi na 3 jioni kwa siku 5, kisha anaangaliwa tena.

Mtoto ni yuleyule na dawa ni ileile. Jumatatu isingemsaidia kitu, na Jumapili inaweza kuokoa maisha yake. Wala isingekuwa busara kumpa Jumatatu "ili kuzuia". Isingezuia kirusi, na bakteria ambao wangebaki puani ni wale walioizoea.

Dalili za hatari hazisubiri hesabu: kifua kinachobonyea kwa nguvu chini ya mbavu, mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea au kushindwa kuamka vizuri, midomo kuwa ya bluu. Hapo ni bodaboda, bajaji, chochote kilicho karibu, kwenda hospitali. Kwa mtu mzima, ogopa kubanwa pumzi akiwa amekaa tu, maumivu makali ya kifua anapovuta hewa, kuchanganyikiwa, au homa iliyorudi baada ya kupungua. Wajawazito, wazee na wenye kisukari, pumu au magonjwa ya moyo wasingoje mpaka wafike huko.

Na koo likiuma sana?

Makoo mengi pia ni ya virusi. Kama koo limekuja pamoja na makamasi, kikohozi na sauti kukauka, elekeza lawama kwa kirusi. Likija bila kikohozi, na homa, na matezi ya shingo yanauma ukiyagusa, na mafindofindo yana usaha mweupe, huenda ni bakteria aina ya streptokokasi. Huyo anahitaji antibiotiki, hasa kwa watoto wa umri wa shule, kwa sababu akiachwa anaweza baadaye kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu moyo. Aangaliwe koo na mtu anayejua, si kwa maelezo ya simu.

Wakati wa korona kila mtu alikunywa azuma. Kwani korona si kirusi?

Ni kirusi. Azithromaisini ilijaribiwa kwa sababu ina uwezo kiasi wa kutuliza uvimbe mwilini, na watu walikuwa wanatafuta chochote. Ilipopimwa kwa maelfu ya wagonjwa waliolazwa hospitalini Uingereza, na matokeo kutolewa 2021, waliopewa hawakufa wachache kuliko ambao hawakupewa. Jibu lilipatikana, ila mazoea yalikuwa yameshaota mizizi. Hadi leo mtu anakuja na mafua ya siku mbili akitaja azuma kwa jina kama anavyotaja soda.

Mbona wanaoishi na VVU wanapewa septrini, nayo ni antibiotiki?

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na aliyeuliza alidhani amenishika.

Septrini haigusi VVU hata kidogo. Inatolewa kwa sababu VVU vikishusha kinga, kuna vimelea vingine vinavyonufaika, kama vile kuvu anayeleta aina fulani ya nimonia, kimelea cha toksoplasma, na bakteria wa kawaida. Septrini inawazuia hao. Kirusi chenyewe kinashughulikiwa na dawa za kufubaza, ambazo zinalenga vimeng'enya vya VVU hasa.

Basi hakuna dawa inayoua kirusi cha mafua?

Ipo inayokizuia. Inaitwa oseltamiviri. Kirusi kipya kikimaliza kutengenezwa hubaki kimenasa kwenye chembe kilimotoka, na huhitaji kimeng'enya chake ili kujinasua. Oseltamiviri inakiziba kimeng'enya hicho. Inafanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, na kwa mtu mwenye afya inapunguza ugonjwa kwa takriban siku moja tu, kwa hiyo hutunzwa kwa walio hatarini na wanaolazwa. Inazuia influenza peke yake. Mafua mepesi ya kupiga chafya yanatokana na virusi vingine, hasa vya jamii ya rinovirusi, na hivyo havina dawa ya kuviua mpaka leo.

Je, sindano ina nguvu zaidi ya kidonge?

Sindano inafika kwenye damu haraka, na ni muhimu kwa mgonjwa mahututi au anayetapika. Lakini kama kilichomo ni antibiotiki na ugonjwa ni wa kirusi, umechomwa bure na umeumia bure.

Nikinywa bila sababu, nitapata hasara gani zaidi ya pesa?

Hasara ya karibu ni kwenye utumbo. Tumboni kuna bakteria wengi wanaokusaidia kumeng'enya chakula na kuwabana wabaya wasijitanue. Antibiotiki haijui nani rafiki. Ndiyo maana watu wengi wanaharisha wakiinywa, na wanawake wengi hupata fangasi ukeni baada ya dozi. Kuna pia mzio. Mara nyingi ni vipele na kuwashwa, lakini penisilini na jamii yake zinaweza kubana pumzi ndani ya dakika chache, na septrini kwa watu wachache huleta malengelenge ya kutisha ya ngozi na mdomo. Ukikubali hatari hiyo ili kutibu nimonia, una sababu. Ukiikubali kwa ajili ya mafua, hakuna kilicho upande wa pili wa mizani.

Hasara ya mbali kidogo ni usugu, ule ambao Wizara ya Afya inauita usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Watu hudhani ni mwili unaoizoea dawa. Si mwili, ni bakteria. Kati ya mamilioni waliomo tumboni mwako, wachache kwa bahati wana mabadiliko ya kinasaba yanayowakinga na amoksilini. Wengine wakifa, hao wanabaki na nafasi na chakula, wanazaliana. Tena bakteria wana tabia ya kupeana vipande vya vinasaba hata kati ya aina tofauti, kwa hiyo kinga ya mmoja inahamia kwa mwingine.

Hilo halitakuumiza siku ile. Litakuumiza miezi kadhaa baadaye, pale bakteria wa tumboni mwako anapopanda kwenye kibofu na kuleta yutiai, na dawa ya kwanza inashindwa, na ya pili inashindwa. Utaniuliza kwa nini sipro "siku hizi ni feki". Dawa feki zipo, sikatai, lakini mara nyingi dawa ni nzima na bakteria ndiye amebadilika. Na kwa kuwa bakteria hao hupita kwa mikono, vyoo na maji, anayeumwa anaweza kuwa mtoto wako ambaye hajawahi kuzinywa.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini London mwaka 1928, alilionya hili katika hotuba yake ya Nobeli mwaka 1945, dawa ikiwa bado changa. Alitaja hofu ya siku ambayo mtu yeyote ataweza kuinunua dukani na kunywa kidogo isiyotosha. Alikuwa kama anaielezea Temeke.

Nipimie basi kapsuli nne tu, nitulize.

Hapana. Kama una ugonjwa wa bakteria, nne hazitoshi kuwaua na zinatosha kuwachuja wabaki wagumu. Kama huna, hata moja ni nyingi. Zaidi ya hapo, antibiotiki kisheria hutolewa kwa cheti cha daktari. Kuna maduka yanayouza bila cheti, unayajua na mimi nayajua, na mteja ninayemkatalia mara nyingine huvuka barabara tu.

Muuzaji akinisisitizia antibiotiki kwa mafua, nimwambieje?

Muulize maswali mawili kwa upole: "Unadhani ni bakteria gani, na umeonaje?" Mwenye sababu atakujibu: pumzi za haraka, usaha kwenye koo, sikio linalotoa maji, homa iliyorudi. Asiye na sababu atasema "ni kwa ajili ya usalama tu."

Nifanye nini sasa, usiku huu, nina mafua na homa?

Parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, maji mengi, kupumzika. Pua iliyoziba isafishe kwa maji ya chumvi. Asali na maji ya uvuguvugu yanatuliza kikohozi, ila mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Mtoto asipewe aspirini akiwa na mafua, maana inaweza kuleta madhara makubwa ya ini na ubongo. Angalia kama unatumia dawa ya mafua ya mchanganyiko, kwa sababu nyingi tayari zina parasetamoli ndani, na ukiongeza panadoli juu yake unazidisha dozi bila kujua. Na kama homa ipo, kapime malaria hata kama una makamasi. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Nina kapsuli zilizobaki kabatini tangu mwaka jana. Nizifanyeje?

Usimpe jirani, usimpe mtoto kwa kumkadiria nusu. Usizimwage chooni wala usizitupe kwenye mfereji, maana huko nako kuna bakteria watakaojifunza. Zilete famasi, tutaziweka pamoja na dawa zilizokwisha muda zinazosubiri kuteketezwa.